Wale Wawili Watatu ni Akina Nani?

Mvua ikinyesha alfajiri ya Jumamosi, jumuiya hupungua. Viti vimepangwa kumi na vitano sebuleni kwa mwenyeji, waliofika ni watano, na kila mlango ukilia watu hugeuka kutazama kama anaingia wa sita. Mwishowe mmoja anaombwa afungue kwa sala, na tuliolelewa katika mikusanyiko hii ya nyumba kwa nyumba tunajua atakachosema. Atamkumbusha Bwana ahadi yake kwamba wakikutana hata wawili au watatu kwa jina lake, naye yumo. Tunaitikia amina, na uchache wetu hautuonei haya tena.

Katika jumuiya ninayofundisha, sala hiyo ilikuwa ya bibi mmoja aliyetuzidi wote kwa umri. Aliisema kwa machozi, na watoto wa mtaa mzima walikuwa wameijifunza kwake. Nami nilikuwa nimekwisha kugundua kwamba Mathayo 18:20, mahali andiko hilo lilipo, hapazungumzii mahudhurio.

Mtu akianzia mstari wa 15, anakuta habari nyingine kabisa. Ndugu mmoja amemkosea mwenzake. Aliyekosewa anaambiwa amwendee mkosaji peke yake, wazungumze wao wawili. Akikataa kusikia, arudi na mtu mmoja au wawili zaidi. Akizidi kukataa, ndipo kanisa liambiwe. Wawili na watatu wameingia hapo kwanza, na hawakuingia kwa bahati. Wametoka kwenye sheria ya Kumbukumbu la Torati 19:15, kwamba mtu asihukumiwe kwa ushahidi wa mmoja, bali neno lithibitishwe na mashahidi wawili au watatu. Kisha mstari wa 18 unazungumza juu ya kufunga na kufungua, maneno ambayo walimu wa Kiyahudi waliyatumia kwa kukataza na kuruhusu. Hata lile neno la Kigiriki lililotafsiriwa kuwa jambo katika mstari wa 19, Paulo analitumia katika 1 Wakorintho 6:1 kwa maana ya daawa. Basi wale wawili watatu wa mstari wa 20 ni watu walioshika kazi nzito ya kusuluhisha ugomvi, na Yesu anawaahidi kwamba katika kazi hiyo hawako peke yao.

Je, kuna ubaya gani mtu akilitumia kwa siku ya mvua? Kwa siku ya mvua, hakuna. Shida niliiona kwa mgonjwa mmoja tuliyekwenda kumtembelea. Alikuwa amelala ndani miezi, na alituambia kwamba Mungu humjia tunapofika sisi, maana kabla ya hapo yuko mmoja, na andiko linataka wawili. Alikuwa amelisikia kwetu, akalifikisha mwisho wake. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Mathayo 6:6, katika Injili hiyohiyo, inamwagiza mtu aingie chumbani, afunge mlango, aombe peke yake, na Baba yupo humo sirini. Siku hiyo niliona kwamba sina budi kulisahihisha. Nikabaki kujiuliza nitalisahihishaje bila kumvua bibi nguo mbele ya watu.

La kwanza niliamua kwamba sitaligusa siku ambayo yeye amefungua sala. Ukisahihisha andiko dakika kumi baada ya mtu kuliomba, hata ukiweka asali mdomoni, kila macho yatamwendea yeye. Nilisubiri wiki tatu.

La pili, nilimwendea kwake kabla ya somo. Priskila na Akila walipomsikia Apolo huko Efeso akifundisha vizuri lakini pungufu, Matendo 18:26 inasema walimchukua kwao, wakamweleza njia kwa usahihi zaidi. Nilimkuta bibi anachambua mchele. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, sikumwambia kuna kosa. Nilimwomba tusome pamoja Mathayo 18 kutoka mstari wa 15, kwa kuwa nilitaka kuifundisha na ningependa yeye awe msomaji. Alisoma polepole. Alipofika mwisho akarudi juu mwenyewe, akakaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, kumbe hawa wamekwenda kusuluhisha." Nikamjibu kwamba hata mimi niliomba vile miaka mingi kabla ya kuliona. Ilikuwa kweli, na naamini neno hilo lisisemwe kama si kweli, maana wazee huutambua unyenyekevu wa kuigiza.

Siku ya somo bibi alisoma, nami nikauliza swali moja tu: tangu mstari wa 15, wawili au watatu wametajwa wapi, na walikuwa wanafanya nini? Niliwaacha watafute kwa vidole. Mtu akiliona jambo kwenye ukurasa wake mwenyewe hana wa kumwonea haya, kwa sababu hakuna aliyemwambia amekosea. Mwalimu akitangaza kwamba leo atawaonyesha andiko mnalolipotosha, ameshagawa chumba kuwa wajuzi na wajinga kabla Biblia hazijafunguliwa.

Hata hivyo, hatari ilikuja. Kijana mmoja hodari, mwenye furaha ya kugundua, alisema kwa sauti, "Kwa hiyo tumekuwa tukiomba vibaya siku zote!" Chumba kikanyamaza. Hapo ndipo mwalimu anapohitaji kujua zaidi ya masahihisho yake. Niliwaeleza kwamba anayefarijika na andiko hili katika kundi dogo hakuzua kitu. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya Wayahudi wa mnamo mwaka 200, ina wazo la jirani sana, kwamba wawili wakiketi kuzungumza Torati, utukufu wa Mungu uko kati yao. Na Tertuliano wa Karthago, katika miaka hiyohiyo, aliandika kwamba walipo watatu pana kanisa, hata kama wote si makasisi. Aliye pamoja na wasuluhishi wawili hashindwi kuwa pamoja na waombaji watano. Kilichopotoka ni kulifanya andiko kuwa hesabu, kwamba chini ya wawili hayupo. Kijana aliinamisha kichwa kidogo, nami nikamwomba atusomee Mathayo 6:6, naye akasoma vizuri. Hakustahili kuaibishwa yeye pia.

Nilikuwa na kipimo changu cha kujua kama nimeharibu. Watu walioaibishwa hawabishi, bali huacha kujitolea. Wiki inayofuata ukiuliza nani atafungua kwa sala na kila mtu anatazama mkeka, ujue umewajeruhi, hata kama walikushukuru kwa somo zuri.

Wiki iliyofuata bibi alifungua sala mwenyewe. Alimshukuru Mungu kwa sisi tuliofika na kwa yule mgonjwa aliye peke yake na Baba yake chumbani. Andiko la wawili watatu hakulitaja, nami nikaingiwa na hofu kwamba nimemnyang'anya.

Tulipokwisha sadaka akaomba neno. Palikuwa na mama mmoja aliyeacha kuja tangu tulipogombana juu ya hesabu za mchango wa msiba, na wote tulikuwa tumezoea kiti chake kuwa kitupu. Bibi alisema yeye ndiye aliyemjibu vibaya siku ile, na kwamba alikwenda kwake Jumatano peke yake lakini hakufunguliwa mlango. Akatutazama mmoja mmoja. "Naomba mtu mmoja au wawili," akasema, "twende sasa hivi, kabla mvua haijarudi."