Asilimia Hiyo ni ya Watu Gani?

Ripoti inasema: ni asilimia 15 tu ya watoto wenye homa waliopelekwa kituo cha afya. Kabla ya kuwalaumu wazazi, tafuta idadi iliyotumika kugawia.

Tuchukue mfano. Walezi 400 wameulizwa kama mtoto wao alipata homa katika wiki mbili zilizopita. Waliosema ndiyo ni 80, na hao peke yao ndio wanaoendelea na swali la matibabu. Wengine 320 wanarukishwa, kama dodoso linavyoelekeza. Katika wale 80, 60 walimpeleka mtoto, 16 hawakumpeleka, 4 hawakujibu.

Mwandishi wa ripoti akigawa 60 kwa 400 anapata asilimia 15. Akigawa kwa 80, ni asilimia 75. Watoto 320 wasio na homa wamehesabiwa kana kwamba walinyimwa matibabu, na hilo ni kosa zito.

Kosa hili hujifichua lenyewe. Jumlisha majibu yaliyochapishwa: “ndiyo” asilimia 15, “hapana” asilimia 4. Jumla ni 19, si 100; asilimia 81 iko wapi?

Wale 4 wasiojibu ni suala jingine. Ukiwaondoa, 60 kwa 76 ni karibu asilimia 79. Hesabu zote mbili zinakubalika, mradi msomaji aambiwe ipi imetumika. Ndiyo maana majedwali ya tafiti za DHS huweka safu ya idadi ya watoto waliokuwa na homa. Isome hiyo kwanza.