Jenereta Ikitikisa Sakafu, Zege Si Dawa Kila Mara

Jenereta ikitikisa sakafu, ushauri wa kwanza huwa ni kuongeza zege. Kuna mahali zege hilo litatuliza mambo, na kuna mahali litayazidisha. Kinachoamua ni udongo ulio chini yake.

Msingi ukikaa juu ya udongo ni sawa na uzito uliowekwa juu ya springi: ukiushtua, unacheza kwa mwendo wake wa asili. Mashine ikizunguka kwa mwendo huohuo, kila msukumo unakutana na uliotangulia na mtetemo unakua. Hali hiyo huitwa resonansi. Dalili yake huonekana jenereta inapozimwa: mtikisiko unapanda ghafla kwenye kasi fulani, kisha unatulia kabla injini haijasimama.

Ugumu wa springi hiyo ya udongo hupimwa kwa wimbi mkato, yaani wimbi linaloyumbisha udongo kando huku lenyewe likisonga mbele. Wapimaji huchimba mashimo mawili, tuseme mita 4 kati yake, wakagonga ndani ya moja na kuweka kipokea mtetemo kwenye lingine, kwa kina kilekile. Wimbi likichukua sekunde 0.02, kasi yake ni mita 200 kwa sekunde. Kasi ikiongezeka maradufu, ugumu wa udongo huongezeka mara nne, na mwendo wa asili wa msingi maradufu.

Tuchukue jenereta ya tani 6 inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Imekaa juu ya zege la mita 4 kwa 2.5, unene mita 1, lenye tani 24. Kwenye udongo wa mita 200 kwa sekunde, hesabu inaonyesha kwamba msingi huo utacheza juu na chini takriban mara 26 kwa sekunde. Hapo ni hatari, kwani wahandisi hutaka tofauti ya angalau asilimia 20. Unene ukifanywa mita 2, uzito wote unafika tani 54 na mwendo unashuka hadi 19. Zege limesaidia.

Sasa hamishia jenereta hiyo kwenye udongo mgumu zaidi, wa mita 260 kwa sekunde. Msingi mwembamba unacheza mara 33 na zaidi, mbali na 25, hivyo hauna tatizo. Ukiuongezea mita ile ya zege, unashuka hadi 25 kamili. Umeinunua resonansi kwa saruji yako mwenyewe.

Mtetemo wa juu na chini hata hivyo una nafuu, maana udongo hubeba sehemu kubwa ya nguvu yake na kuipeleka mbali. Kuyumba ubavu kwa ubavu hupunguzwa kidogo sana, na msingi mrefu huyumba kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mhandisi hukokotoa miendo yote miwili, tena kwa kasi ya chini na ya juu ya udongo uliopimwa, ndipo anapotaja unene wa zege.