Ukokotoaji wa Urefu na Idadi ya Ringi katika Kizimba cha Boriti

Makala haya yanafafanua namna ya kupata urefu wa kukatia ringi na idadi yake, kwa kutumia boriti yenye upana wa milimita 230, kina cha milimita 450 na urefu wa milimita 4,000 kati ya nyuso za nguzo. Ringi ni za nondo ya milimita 8, nafasi kati yake ni milimita 150, na kava ni milimita 25.

Kava hupimwa kutoka uso wa zege hadi upande wa nje wa ringi, wala si hadi nondo kuu. Kwa hiyo vipimo vya nje vya ringi ni 180 kwa 400, na mzingo wake ni milimita 1,160. Ncha mbili za kulabu, kila moja ikiwa na unyoofu wa 10d, huongeza milimita 160.

Hatua inayofuata ndiyo inayopotosha wengi. Katika kona tatu za digrii 90 nondo hukata kona, hivyo kila kona hupunguza takriban 2d, jumla milimita 48. Kanuni iliyozoeleka huendelea kupunguza 3d kwa kila kunjo la digrii 135, na kufikia milimita 1,224. Hata hivyo, kulabu huizunguka kona ya nne na kuipita. Nusu kipenyo cha ndani cha kunjo kikiwa 2d, kila kunjo la namna hiyo huongeza takriban 3d badala ya kuipunguza. Basi:

1,160 + 160 − 48 + 48 = milimita 1,320

Ringi iliyokatwa kwa milimita 1,224 hufungika vizuri machoni, lakini ncha zake hubaki na unyoofu wa milimita 34 hivi badala ya 80. Zege la kava likibanduka, kulabu fupi namna hiyo huweza kufunguka. Rula ikiwekwa kwenye ncha kabla ya kumwaga zege, kasoro hiyo hubainika mara moja.

Kuhusu idadi, ringi ya kwanza na ya mwisho huwekwa milimita 50 kutoka uso wa nguzo. Umbali unaobaki, 3,900, ukigawanywa kwa 150 hutoa nafasi 26. Nafasi 26 zina ringi 27, kwa kuwa kila nafasi inahitaji ringi pande zote mbili. Kama mgawanyo ungetoa desimali, idadi ya nafasi ingepandishwa, kisha umbali ugawanywe upya kwa usawa, ili nafasi isizidi ile ya mchoro.

Nondo ya mita 12 hutoa ringi 9 za milimita 1,320 na kubakiza milimita 120. Hivyo nondo 3 zinatosha. Urefu wa 1,224 nao hutoa ringi 9 tu. Ufupishaji huo, basi, hudhoofisha kulabu bila kuokoa hata nondo moja.