Shafti ya kinu cha karanga hukatikia wapi?

Kinu cha kusagia karanga kwa sahani ni mashine ya vipande vichache. Kuna mota chini, mkanda, puli, shafti iliyokaa juu ya beringi mbili, na sahani mbili za chuma zenye mifereji. Sahani moja imefungwa kwenye fremu. Nyingine iko kwenye ncha ya shafti na huzunguka nayo. Mwenye kinu akitaka unga laini zaidi, anakaza skrubu ya mbele ili sahani zibanane. Ukiiangalia ikifanya kazi utadhani shafti inazungushwa tu, kumbe inapata mateso matatu kwa wakati mmoja: inasokotwa na mota, inapindwa na mkanda, na inasukumwa kwa urefu wake na zile sahani zinazobanana.

Swali la fundi ni mahali gani pa shafti hiyo panapoumia kuliko pengine pote. Hapo ndipo ufa utakapoanzia.

Tuchukue kinu chenye mota ya kilowati 7.5, ambayo ndiyo farasi 10 za mtaani, na shafti inayozunguka mara 600 kwa dakika. Nguvu hiyo kwa mwendo huo inaleta msokoto wa karibu nyutoni-mita 120. Puli ina kipenyo cha milimita 400, kwa hiyo upande mmoja wa mkanda lazima uvute kuzidi mwingine kwa nyutoni 600. Tuseme upande uliokaza unavuta 900 na uliolegea 300.

Hapa kuna jambo linalopotea kirahisi. Msokoto unatokana na tofauti ya pande mbili za mkanda, yaani 600. Lakini shafti haijui upande upi umelegea. Pande zote mbili zinaivuta chini kuelekea mota, na kinachoipinda ni jumla yake, 1,200. Uzito wa puli yenyewe ni mdogo mbele ya mvuto huo, tunaweza kuuacha.

Puli imening'inia nje ya beringi, umbali wa milimita 150 kutoka katikati ya beringi. Zidisha 1,200 kwa mita 0.15, utapata mpindo wa nyutoni-mita 180 pale kwenye beringi. Mpindo huo unapungua ukienda upande wa puli, na unapungua pia ukienda upande wa beringi ya pili. Kuhusu msukumo wa sahani, tuuchukulie kuwa nyutoni 3,000. Unapita ndani ya shafti toka kwenye sahani hadi kwenye beringi iliyo karibu na puli, ambayo ndiyo imewekwa kuupokea, na unaishia hapo. Kipande cha shafti kinachobeba puli hakiguswi na msukumo huo hata kidogo.

Sasa tuikate shafti kwa mawazo, mahali hapo kwenye beringi, ambapo ina kipenyo cha milimita 35. Mpindo unauvuta upande wa juu na kuubana upande wa chini kwa mkazo wa karibu nyutoni 43 kwa kila milimita ya mraba. Msukumo wa sahani unabana eneo lote kwa 3 tu. Kwa hiyo juu kunabaki mvuto wa 40 na chini mbano unafika 46. Msokoto nao unaleta mkazo wa kukata wa 14 kwenye ngozi yote ya shafti, pande zote sawa. Kwenye mbavu za kushoto na kulia mpindo hauna kitu, na hata ukiongeza kule kukata kunakoletwa na mvuto wa mkanda, mkazo wa kukata haufiki 16.

Mikazo ya namna tofauti haijumlishwi hivi hivi. Wahandisi hutumia kanuni ya von Mises: mkazo wa kuvuta au kubana unazidishwa kwa wenyewe, wa kukata nao unazidishwa kwa wenyewe kisha mara tatu, vinajumlishwa, halafu inatafutwa kipeo cha pili. Chini ya shafti jibu ni 52, juu ni karibu 47, mbavuni ni kama 28. Kitabu cha darasani kingefunga hesabu hapo na kuandika kwamba nukta hatari ni ya chini.

Jibu hilo ni sahihi kwa shafti iliyosimama. Hii inazunguka. Mkanda unavuta chini muda wote, lakini ile sehemu iliyokuwa chini inakuwa juu baada ya nusu mzunguko. Kila nukta ya ngozi inavutwa na kubanwa mara 600 kwa dakika, mara 36,000 kwa saa. Kinu kikifanya kazi saa nane kwa siku, siku nne zinatosha kupita mara milioni moja. Nukta hatari imegeuka kuwa duara zima, na adui ni kurudiarudia kwa mkazo, yaani uchovu wa chuma.

Na duara lenyewe huenda lisiwe hapo kwenye beringi. Mara nyingi shafti hukerezwa iwe nyembamba ili puli iingie. Tuseme imeshushwa kutoka milimita 35 hadi 30, na bega la mpunguo huo liko milimita 20 kutoka katikati ya beringi. Mpindo pale umeshuka hadi nyutoni-mita 156, na msukumo wa sahani haupo kabisa. Lakini mkazo wa mpindo hufuata kipenyo kilichozidishwa mara tatu kwa chenyewe, kwa hiyo unapanda hadi 59. Kona ya bega ikiwa kali, mkazo kwenye kona unaweza kufika mara mbili: 118. Shafti ya chuma cha kawaida, iliyokerezwa vizuri, huvumilia kurudiwa bila kikomo hadi takriban 150. Imepona, ila kwa nafasi ndogo.

Kisha mkanda unaanza kuteleza na mtu anaukaza. Akiukaza hadi jumla ya mvuto ifike 2,400, msokoto haubadiliki, unga hauongezeki, lakini mpindo unakuwa maradufu na kona ile inapata 236. Shafti haikatiki siku hiyo. Inakatika baadaye, siku ya kazi nyepesi, na lawama zinakwenda kwa muuza chuma.

Kona kali imeua watu. Mwaka 1842 treni ilianguka karibu na Versailles, Ufaransa, baada ya ekseli ya injini kukatika, na makumi ya abiria wakafa. Mwaka uliofuata Mskoti William Rankine aliandika kuhusu ekseli za reli zilizokatika, akaonyesha kuwa ufa huanzia kwenye bega na kupendekeza kona ikerezwe kwa mviringo.

Kipande kilichokatika husomeka. Uchovu wa mpindo huacha uso ulionyooka, uliokata shafti kimraba, wenye mistari ya pinde kama alama za maji yanayokupwa ufukweni, na kipande kidogo chenye chembe kavu palipokatikia mwisho. Shafti yenye kona kali huonyesha vingazi vidogo kuzunguka ukingo, kwa kuwa nyufa zilianza sehemu nyingi za lile duara. Uso uliopinda kwa mzunguko, kama nyuzi 45, hushtaki msokoto.

Kwa kinu chetu, kuviringisha kona kwa milimita 3 kunashusha 118 hadi karibu 90, lakini mkanda ukikazwa maradufu bado unavuka 150. Kusogeza puli kunasaidia zaidi: ikikaa milimita 90 kutoka kwenye beringi badala ya 150, mkono wa mpindo pale begani unabaki milimita 70, na ile 59 ya mwanzo inakuwa 32.