Akiba ya uzeeni kwa aliyejiajiri

Fundi cherehani wa sare za shule anaweza kubakiwa na faida ya shilingi 900,000 Januari, kisha 200,000 tu Aprili. Akijipangia kuweka 60,000 kila mwezi, Aprili atakuwa amekatwa asilimia 30 ya faida yake, na hapo ndipo wengi huacha kabisa. Asilimia humfaa zaidi: kwa kumi katika mia, ataweka 90,000 Januari na 20,000 Aprili. Ikatwe siku ileile anapolipwa, kabla fedha haijachanganyika na mtaji wa vitambaa.

Akiba ya dharura, ya matumizi ya walau miezi mitatu, itangulie. Bila hiyo, ugonjwa mmoja tu humaliza fedha za uzeeni.

Tanzania, aliyejiajiri anaweza kujiunga na NSSF kwa hiari. Ila kanuni ya kawaida ya pensheni ya kila mwezi hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kwa hiyo ziada ya Januari ihifadhiwe kando, ilipie miezi mikavu. Anayeanza na miaka 50 aulize kwanza atapata nini asipoifikisha.