Chai ya Saa Kumi: Inakula Ngapi kwa Mwaka?

Bob hamsini haiumi mtu. Ndiyo maana ni vigumu kuiona ikitoka. Leo tuchukue chai ya kibanda, tuipigie hesabu ya mwaka, halafu tuone hiyo pesa inaweza kulipa nini.

Tuseme unauza duka mjini, siku sita kwa wiki. Saa nne unaletewa chai ya 30 na mandazi mawili ya bob kumi kumi. Saa kumi, tena vilevile. Hiyo ni 100 kwa siku, 600 kwa wiki. Zidisha mara wiki 52: Sh31,200.

Kama huna hakika unatumia ngapi, usikisie. Kwa wiki mbili, lipia chai yote kwa simu, hata ile ya bob 30, kisha uombe taarifa ya miamala yako. Kumbuka haitaandika "chai". Itaandika jina la mwenye namba uliyolipia, kwa hivyo tafuta jina la mama wa kibanda na ujumlishe. Ukilipa kwa pesa taslimu, utakachoona ni "umetoa 500 kwa wakala" tu, na ilikoenda hutajua.

Sasa, wengi hukosea hapa: wanaona 31,200 na kusema hiyo yote wataweka. Haiwezekani, kwa sababu bado utakunywa chai. Pesa unayookoa ni tofauti kati ya chai ya kibanda na ile itakayochukua nafasi yake.

Basi acha ya saa nne ibaki, maana hapo ndipo unapiga stori na wenzako. Badilisha ya saa kumi pekee. Ukibeba chai na kitu cha kutafuna kutoka nyumbani, tukadirie maziwa, sukari, majani, unga na gesi vinakula 20 kwa siku. Kibandani ilikuwa 50. Umebakisha 30 kwa siku, yaani 180 kwa wiki. Kwa mwaka ni Sh9,360.

Wiki saba za kwanza zinakupa 1,260, na hiyo inanunua chupa ya chai ya Sh1,200 yenye kuweka moto hadi jioni. Ukinunua ya bei rahisi inayopoa saa sita, utarudi kibandani kabla mwezi haujaisha.

Wiki 20 zinazofuata zinakupa Sh3,600. Hicho ndicho kiwango cha chini cha mchango wa SHA kwa mwaka, 300 kwa kila mwezi, kwa mtu asiye na mshahara wa kukatwa. Shida ya huo mchango ni kwamba unalipwa wa mwaka mzima kwa pamoja, na 3,600 kwa mkupuo ni ngumu kutoa. Usipolipa, ukilazwa wewe, mke, mume au mtoto, bili inakuja mfukoni. Kiwango chako huenda kiko juu zaidi kulingana na mapato ya nyumba, kwa hivyo kiangalie kwanza kwa *147#. Wiki 25 zilizobaki zinaacha Sh4,500, na unaweza kuanza nayo mchango wa mwaka ujao.

Lakini hizo 180 zikibaki kwenye salio lako la kawaida, zitaliwa. Jumapili haitafika. Chagua siku moja, kwa mfano Jumamosi jioni ukifunga duka, uzihamishe kwenye akaunti ya akiba, ikiwezekana ile ya kufunga kwa muda. Angalia ada ya kuhamisha kabla ya kuthibitisha. Kama kuna ada, hamisha mara moja kwa wiki, si kila siku. Na kama una mkopo wa simu unaotozwa ada kila siku, maliza huo kwanza. Akiba haiwezi kuushinda mbio.

Kwa sigara, hesabu ni rahisi zaidi kwa sababu hakuna cha kununua badala yake: bei ya moja, mara idadi unayovuta kwa siku, mara 365. Kwa pombe, usihesabu chupa tu. Ongeza nyama, raundi ulizonunulia wenzako na boda ya usiku, maana mara nyingi hivyo ndivyo hupita bei ya kinywaji. Lakini anayekunywa sana kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka, asiache ghafla. Amwone daktari kwanza, kwa sababu kuacha kwa mpigo kunaweza kuhatarisha maisha.

Wiki hii, lipia chai yako kwa simu. Jumamosi utakuwa na namba yako mwenyewe, si ya kukisia.