Upau Mrefu Umepimwaje?

Januari 2025, mjini Las Vegas, mkuu wa kampuni ya Nvidia, Jensen Huang, alipanda jukwaani kutangaza kadi mpya ya michoro, RTX 5070, ya dola 549. Alisema ina nguvu sawa na RTX 4090, kadi iliyoingia sokoni mwaka 2022 kwa dola 1,599. Chati za kampuni nazo zilionyesha 5070 ikiiacha RTX 4070, kadi iliyoitangulia, karibu mara mbili katika magemu kadhaa. Machi ilipofika, wapimaji huru waliipata kadi yenyewe mikononi, na majibu yao yakawa mengine: ilikuwa jirani ya RTX 4070 Super, na nyuma sana ya 4090.

Takwimu za kampuni hazikuwa za uongo. Kilichotofautiana ni kile kilichohesabiwa.

Gemu huonekana kutembea kwa sababu kadi inachora picha moja baada ya nyingine, na kila picha huitwa fremu. Kadi za 4000 zilikuja na uwezo wa kubuni fremu moja ya kujazia kati ya mbili zilizochorwa kweli. Kwa DLSS 4, kadi za 5000 zinaweza kubuni hadi tatu. Tuseme 5070 imechora fremu 30 kwa sekunde na kila moja ikaongezewa tatu za kubuni: skrini itaonyesha 120. Tuseme 4090 imechora 60, kila moja ikaongezewa moja: nayo itaonyesha 120. Kwenye chati pau zinalingana. Lakini fremu ya kubuni haijui kwamba umebonyeza kitufe, kwa kuwa imekisiwa kutokana na zile zilizochorwa. Macho yataona ulaini wa 120, na mkono utahisi uzito wa 30. Anayecheza gemu la kulengana risasi huutambua uzito huo mara moja.

Jambo zuri ni kwamba dalili zilikuwa ndani ya chati hizo hizo. Chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa mipangilio iliyotumika kwa kila kadi. Na katika safu ya magemu lilikuwapo Far Cry 6, ambalo lilipimwa bila DLSS. Upau wake ulikuwa mfupi kuliko wa jirani zake, nao ndio uliokaribia majibu ya Machi. Mimi huanza na pau fupi kila ninapofungua chati ya muuzaji. Ikiwa gemu moja limeongezeka kidogo na mengine yameruka, kuna swichi iliyowashwa kwa yale mengine.

Swichi yenyewe inaweza kufichwa mahali ambapo msomaji wa kawaida hataitafuta. Oktoba 2018 Intel iliilipa Principled Technologies, kampuni ya upimaji, ili ipime prosesa yake mpya ya Core i9-9900K dhidi ya Ryzen 7 2700X ya AMD. Matokeo yaliipa Intel ushindi mkubwa katika magemu. Wasomaji waliopekua maelezo ya jaribio waligundua kwamba Ryzen ilikuwa imewekwa kwenye mpangilio uitwao Game Mode. Kwa jina lake, ungedhani ndio unaofaa kwa magemu. Kwa 2700X ulifanya kinyume, ukizima nusu ya viini vyake na kubakiza vinne kati ya vinane. Aidha, Intel ilipewa feni kubwa ya kununua kando, Ryzen ikaachiwa ile inayokuja kwenye boksi. Wapimaji walirudia kazi viini vyote vikiwa vimewashwa, wakachapisha majibu mapya. Intel bado iliongoza, ila pengo lilikuwa limepungua. Hilo liliwezekana kwa sababu tu mipangilio ilikuwa imeandikwa. Ingekuwa haikuandikwa, ule ushindi wa kwanza ungesimama mpaka leo.

Hata mipangilio ikiwa ya haki, bado namba kubwa iliyoandikwa AVG inaweza kukupotosha. AVG ni wastani, yaani jumla ya fremu ikigawanywa kwa sekunde. Mwaka 2011 Scott Wasson wa jarida la The Tech Report aliandika makala iliyowahimiza wapimaji waitazame sekunde kwa ndani na kupima muda wa kila fremu kwa milisekunde. Sababu yake inaonekana kwa hesabu fupi.

Chukua jaribio la kubuni la dakika moja. Fremu 6,000 zimechukua milisekunde 9 kila moja, ambazo ni sekunde 54. Fremu nyingine 30 zimekwama, kila moja milisekunde 200, na hizo ni sekunde 6 zilizobaki. Jumla ni fremu 6,030 kwa sekunde 60, wastani wa 100 na ushei. Kwenye chati hilo ni gemu laini kabisa. Anayelicheza anaona picha ikiganda kwa moja ya tano ya sekunde, tena kila baada ya sekunde mbili. Atalizima kabla dakika haijaisha.

Ndiyo maana chati nzuri huweka upau wa pili, 1% LOW, unaoeleza hali ya fremu mbaya zaidi. Hapa pia pana mtego, na sioni ukielezwa vya kutosha. Wapo wanaochukua asilimia moja ya fremu zilizochelewa zaidi na kutafuta wastani wao. Katika mfano wetu hizo ni fremu 60: 30 za milisekunde 200 na 30 za milisekunde 9. Wastani wao ni milisekunde 104 na nusu, sawa na chini kidogo ya fremu 10 kwa sekunde. Wengine huzipanga fremu zote kwa muda, kisha husoma ile moja iliyosimama kwenye mpaka wa asilimia 99. Fremu zilizokwama ni nusu tu ya asilimia, kwa hiyo mpaka unaangukia kwenye fremu ya milisekunde 9, na jibu linakuwa 111. Jaribio ni moja, jina ni moja, huku 10 na kule 111. Basi usiilinganishe 1% LOW ya mpimaji mmoja na ya mwingine mpaka ujue kila mmoja amehesabuje. Na ukiona 1% LOW imezidi AVG, kama hapa, tafuta grafu ya muda wa kila fremu: kukwama huchomoza juu kama miiba.

Kuna ulinganisho mmoja zaidi unaowaumiza wanunuzi, hasa wa kadi za mtumba. Prosesa na kadi hufanya kazi kwa zamu ndani ya kila fremu, na anayechelewa ndiye anayepanga kasi. Ili kadi pekee ipimwe, wapimaji huiweka kwenye mashine yenye prosesa ya kasi kuliko zote zilizopo. Ukiipachika kadi ile ile kwenye kompyuta ya ofisini ya miaka minane, namba za chati huenda usizifikie, kwa kuwa prosesa yako haitawahi kuilisha kazi. Ili prosesa ipimwe, mambo hugeuzwa: wanaweka kadi kubwa na kushusha picha hadi pikseli 1920 kwa 1080, kadi isiwe na kizuizi. Kwa hiyo ukikuta chati ya prosesa kumi zilizopimwa kwa 4K, zote zikipishana fremu moja au mbili, usikimbilie kununua ya bei ya chini ukidhani zinalingana. Kilichofika mwisho wa nguvu zake pale ni kadi, na hizo pau kumi zimeipima kadi moja mara kumi.